Printa inasaga au inalia kwiii: utajuaje kama ni gia, kibebeo cha hedi au rola

Juzi dada mmoja mwenye steshenari karibu na chuo kanitumia voisi ya wasap ya sekunde kumi na kitu, hamna maneno ndani, ni printa tu inafanya krrr, ta-tak, krrr, ta-tak, alafu mwishoni anauliza "kaka fundi hiyo ni gia si ndio? maana kuna mtu kaniambia gia na anataka kuja kubadilisha". Nikamwambia dada subiri kwanza usitoe hela, nifanyie vitu vitatu alafu nitumie majibu. Hivyo vitu vitatu ndo naviandika hapa, maana hilo swali naulizwa sana na watu wengi wanakimbilia kubahatisha kwa aina ya sauti, eti ikisaga ni gia, ikilia ni rola. Haiendi hivyo. Gia kavu inalia, rola lenye kokoto linasaga, na kibebeo kikigonga ukuta kinatoa kelele utadhani printa nzima imepasuka. Cha kuangalia ni ile sauti inamfuata nani: inafuata kibebeo kinapokimbia kushoto kulia, inafuata karatasi inavyosogea, au inatokea mara moja tu printa inapovuta karatasi mpya.

Naongelea hizi printa za wino za tenki, zile za kujaza kwa chupa, ndo zimejaa steshenari na maofisini. Leza nitaigusa kidogo huko chini.

Kwanza ujue ndani kuna nini. Kuna kibebeo, kile kidude kinachobeba hedi inayorusha wino kwenye karatasi, na kukimbia kushoto kulia juu ya fimbo ya chuma au reli ya bati, kinavutwa na belti nyembamba yenye meno, na belti inazungushwa na mota yake peke yake. Alafu kuna mota ya pili ya kusogeza karatasi, hiyo ndo inazungusha gia za pembeni, gia zinazungusha rola refu la chuma linalopita upana wote wa printa, na rola la kutolea karatasi mbele. Kwenye nyingi ya hizi printa mota hiyohiyo ya pili ndo inazungusha rola la mpira la kuvutia karatasi kwenye trei na ile pampu ya kunyonya wino iliyopo upande wa kulia, pale kibebeo kinapolala. Kwa hiyo una familia mbili, ya kibebeo na ya karatasi, na kazi yako ya kwanza ni kuzitenganisha.

Anza na kuwasha bila karatasi

Toa karatasi zote kwenye trei, zima, washa tena, rekodi kwa simu, simu iweke juu ya kava isiguse meza. Printa ikiwaka inafanya mazoezi yake, kibebeo kinaenda na kurudi, alafu pale kulia pampu na ile mipira ya kufunika hedi inajipanga. Hapo utasikia krik krik kidogo na mlio kama wa kusaga taratibu kwa sekunde kadhaa, HIYO NI KAWAIDA, usiende kuifungua printa kwa sababu hiyo. Ukiklini hedi utaisikia zaidi. Nshaona mtu kafungua printa nzima, kapoteza springi mbili, kumbe alikuwa anasikia pampu.

Isiyo kawaida ni hizi: kibebeo kugonga pembeni kwa nguvu mpaka printa inatikisika, kwiii inayopanda na kushuka kibebeo kinapokimbia, au pampu kusaga kwa kukata meno, trrrr, alafu taa zinaanza kuwaka kwa kupishana. Ukisikia kelele yako hapa wakati hamna hata karatasi moja ndani basi rola la kuvutia karatasi liweke pembeni kwanza, sio mtuhumiwa wako.

Kisha karatasi yenye nukta moja

Hii naipenda sana na haigharimu kitu. Fungua dokumenti mpya ya A4, teremka mpaka mstari wa mwisho kabisa, andika nukta moja, print. Printa haina cha kuandika juu kwa hiyo inateremsha karatasi kwa mkupuo mmoja, kibebeo kimetulia, alafu inaandika nukta na kutema. Yaani umepata karatasi inasogea bila kibebeo kukimbia. Kelele ikitokea kwenye ule mkupuo, ni familia ya karatasi, gia au rola. Kelele ikipotea kwenye mkupuo alafu ukiprint ukurasa uliojaa maandishi inarudi kila kibebeo kikipita, ni familia ya kibebeo.

Yule dada alivyofanya hivi akaniambia kwenye kuwasha hamna kitu, ila kwenye nukta printa imepiga ta-tak ta-tak ta-tak mpaka karatasi imetoka. Basi kibebeo tukakifutia mashtaka hapohapo.

Hesabu mapigo

Sasa kama ni familia ya karatasi, rudia ile ya nukta ukiwa umerekodi na uhesabu imegonga mara ngapi ukurasa mmoja. Kama imegonga mara moja tu mwanzoni wakati inavuta, au imelia kwiii pale mwanzo alafu ikanyamaza, hiyo ni rola la kuvutia au pedi yake. Kama inagonga kwa mpangilio, tak... tak... tak, mwanzo mpaka mwisho, kuna kitu kinazunguka na kina hitilafu sehemu moja, kila kikizunguka inafika zamu yake. Kama inasaga mfululizo bila mapumziko ni ukavu, uchafu mwingi, au gia zimeachana hazishikani vizuri.

Hapa ndo hesabu inasaidia. A4 ina urefu wa milimita 297. Rola lile la chuma la printa ya dada nilipimaga kwenye nyingine kama ile, lina kipenyo kama cha milimita 15, zidisha kwa 3.14 unapata mzunguko mmoja unasogeza karatasi milimita 47 hivi. 297 gawa kwa 47 ni sita na kidogo. Kwa hiyo kitu chochote kilichofungwa moja kwa moja kwenye hilo rola, ikiwemo gia yake kubwa ya pembeni, kitazunguka kama mara sita kwa ukurasa. Gia ndogo inazunguka haraka zaidi, itagonga mara nyingi zaidi.

Dada alihesabu mapigo sita, na kila moja ni la mapacha, ta-tak. Mapacha ndo yalinipa jibu. Gia inayogusana na gia mbili, jino lake moja likiwa na shida linagonga likifika kwa jirani wa kwanza na linagonga tena likifika kwa jirani wa pili, na kama hao majirani hawajakaa pande zinazotazamana utasikia mapigo mawili ya karibu alafu kimya. Gia kubwa ya rola kwenye ile printa inaguswa na gia ndogo ya mota upande mmoja na upande mwingine inasukuma gia inayokwenda kwenye rola la kutolea. Mara sita, mapacha, gia kubwa. Nikamwambia fungua kava la skana, piga tochi ya simu pale pembeni uzungushe taratibu.

Kabla sijasema kilichokutwa, kuzungusha kwenyewe kuna adabu yake. Zima printa, chomoa waya ukutani, alafu ndo uweke kidole kwenye gia kubwa uizungushe upande ule karatasi inakoelekea, pole pole, sana sana mizunguko miwili. Usilazimishe. Ikigoma simama uangalie, usije ukang'oa jino la gia iliyokuwa nzima. Na printa ya tenki usiigeuze wala kuilaza ubavu, wino utakumwagikia meza nzima na ukiingia kwenye umeme wa ndani umeua printa kweli.

Basi dada akazungusha, mzunguko ulipofika sehemu fulani kidole kikahisi kama kinapanda kitu. Akasimama pale, akamulika, katikati ya meno mawili kuna kipande cha pini ya stepla, nusu tu, kimekandamizwa mpaka kimelala bondeni kama jino la tatu. Kakitoa na kibano cha nyusi. Kutoka wapi? Wanafunzi wanaleta hendauti zimebanwa, wanazing'oa pini palepale juu ya printa wakisubiri kutoa kopi. Gia haikuwa na kosa lolote, na ile gia mpya aliyotaka kuuziwa ingefanya kazi vizuri tu maana aliyeibadilisha angeitoa pini bila hata kuiona.

Ila pia karatasi yenyewe ingeweza kumwambia. Chukua kazi yenye rangi nzito, picha au jedwali lenye kivuli, uiangalie kwa rula. Gia au rola likiwa na hitilafu linaacha mistari ya kulala, myeupe au myeusi kidogo, inayojirudia kwa umbali uleule. Kwa dada ilikuwa kila milimita 47 kasoro. Kumbuka hedi iliyoziba nayo inaleta mistari ya kulala, ila hiyo ipo karibukaribu kila kibebeo kinapopita na haina pigo la sauti. Kibebeo kikiwa na shida kinaharibu mistari ya kusimama, utaona mstari wa jedwali umekatikakatika kama ngazi, au herufi zina kivuli. Na rola la kuvutia likichoka karatasi inaingia upande, inaingia mbili mbili, au haiingii kabisa.

Ikiwa ni kibebeo

Tuseme kwako kelele imefuata kibebeo. Hapa unataka kukisogeza kwa mkono ila kikilala pale kulia kinafungwa na loki, hakisogei, na ukilazimisha unavunja. Kwa hiyo washa printa, kibebeo kikitoka kulia na kufika katikati chomoa waya ukutani. Kitabaki pale kikiwa huru. Usikiache hivyo muda mrefu, hedi ikiwa wazi wino unakauka, fanya shughuli yako kwa dakika chache alafu washa tena kijirudie chenyewe kwao.

Kisogeze kwa kidole, polepole, mwisho mpaka mwisho. Uzito unatakiwa uwe uleule njia nzima. Kikiwa kizito mahali pamoja tu kuna kitu kimekaa njiani, karatasi iliyochanika, klipu, nshawahi kutoa karanga. Kikiwa kizito njia nzima na kinalia kwiii, fimbo imekauka au imeshika vumbi la karatasi lililochanganyika na grisi ya zamani mpaka likawa kama ugoro. Futa fimbo kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, utashangaa kinachotoka, na mara nyingi kufuta tu kunamaliza nusu ya kelele. Kisha paka kidogo: kwenye fimbo ya duara ambayo kibebeo kina kipande cha felti, tone moja mawili ya mafuta mepesi ya cherehani kwenye felti yatosha, kwenye reli ya bati ni grisi nyeupe ya kupakia plastiki, kiasi cha kichwa cha kiberiti, usogeze kibebeo mara kumi ienee. Mafuta ya kula hapana, yanaganda. Zile dawa za kupuliza za kutu hapana kabisa, zinaosha grisi yote alafu zinarukia kusikotakiwa.

Kusikotakiwa nako ni hapa. Nyuma ya kibebeo kuna utepe mwembamba wa plastiki inayoona ng'ambo, umevutwa kutoka kushoto mpaka kulia, ukiukaribia sana una mistari midogo kama rula. Kibebeo kinausoma huo kujua kiko wapi. Ukipata tone la grisi au wino, kibebeo kinapotea njia, kinakwenda mpaka kinagonga ukuta kwa nguvu, PAA, kinarudi, kinagonga tena alafu printa inakataa kazi. Kwa hiyo kelele ya kugonga pembeni, hasa kama ilianza baada ya mtu kupaka mafuta, usitafute gia, safisha utepe. Kitambaa laini kilicholowana maji kidogo, ushike kwa vidole viwili, futa kwa kuvuta taratibu kufuata urefu wake, alafu kavu. Usisugue, mistari ikifutika ndo basi tena unanunua mwingine. Angalia pia kama haujachomoka kwenye ndoano zake mbili za mwisho, ukichomoka kelele ni ileile.

Belti ikilegea au meno yake yakilika inatoa mlio wa kuruka, brrrp, pale kibebeo kinapogeuza tu, kwa sababu ndo mota inapovuta kwa nguvu. Katikati ya safari inakuwa kimya. Hiyo huwa haina dawa ya kupaka, ni kukaza kwa springi yake au kubadilisha.

Ikiwa ni rola la kuvutia

Hili ni rahisi, nalipitia haraka. Kwiii ya mwanzo wa karatasi ni mpira unaoteleza juu ya karatasi au pedi iliyo chini yake iliyong'aa. Gusa mpira kwa kidole: ukiwa mzuri unashikashika, ukichoka unang'aa na una unga mweupe wa karatasi. Futa kwa kitambaa chenye maji, uuzungushe ufute pande zote, acha ukauke. Spiriti inasafisha pia ila ukiizoesha inakausha mpira unaanza kupasuka. Kisha pepea rimu kabla ya kuiweka, na karatasi zilizokaa nje kwenye unyevu zitoe uweke za rimu mpya kwa jaribio moja. Nimeona kwiii ikaisha kwa kubadilisha karatasi tu, msimu wa mvua hasa. Ukisafisha ikatulia siku mbili alafu ikarudi, mpira umekwisha, tafuta mwingine.

Ya leza, kwa ufupi

Leza haina kibebeo kabisa kwa hiyo hatua ya nukta haina kazi. Azima katriji nyingine inayoingia humo uweke: kelele ikihama na katriji ni ya katriji, ikibaki ni gia za ndani au ile sehemu ya kupashia moto karatasi. Sehemu hiyo usiiguse printa ikiwa imetoka kufanya kazi, inaunguza, iache hata nusu saa.

Na ikiwa kweli gia imevunjika

Umezungusha, umemulika, hamna pini wala karanga, unaona kabisa jino limekatika au gia imepasuka ufa kutoka kwenye shimo la ekseli. Ufa huo angalia vizuri maana hauonekani kirahisi, ila unafanya nafasi ya meno mawili iwe pana kuliko nyingine zote, ndo maana inagonga sehemu moja japo meno yote yapo. Usigundishe kwa supagluu, hizi plastiki za gia zina utelezi wa asili gundi haishiki, itashika siku moja alafu kipande kinang'oka na kuingia kwenye gia nyingine.

Nenda kwa mafundi wenye printa zilizokufa, gia nzima zimejaa humo. Nenda na ya kwako mkononi, hesabu meno ya zote mbili, usiamini macho, jino moja likizidi karatasi itasogea vibaya hata kama gia imeingia. Linganisha unene, na tundu la ekseli, na zile zenye ghorofa mbili hesabu meno ya juu na ya chini. Kabla hujaitoa ya zamani piga picha tatu za pembeni pale, maana kuna springi ndogo nyuma ya gia moja hivi ambayo ikiruka chini ya meza utaitafuta mpaka jioni.

Dada mwenyewe hakufika huko. Kaweka kopo la maziwa juu ya kaunta, kaandika "PINI HUMU", na printa ameisogeza nusu mita.